Kibali kimekwama manispaa

"Niliomba kibali cha kujenga nyumba ya ghorofa moja, mwezi wa tatu huu naambiwa 'kinashughulikiwa'. Nifanyeje?"

— Uliza jalada liko meza ya nani. Huzunguka mipango miji, ardhi, mhandisi, afya. Likikosa saini moja linalala hapohapo. Ghorofa hukwama sana kwa mhandisi, michoro ya nondo na zege ikikosa muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Omba hoja zao kwa maandishi, za mdomo hubadilika. Wakinyamaza, mwandikie Mkurugenzi kupitia masjala, utaje namba ya jalada na tarehe ya risiti, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

— Ni kodi ya ardhi tu hiyo. Lipa, anza msingi.

— Kodi iangalie, ndiyo. Msingi usianze, utachorewa X nyekundu.