Mteja Akiacha Kikapu, Mkumbushe Mara Mbili Halafu Mwache

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, watu wanajaza kikapu kwenye duka langu la mtandaoni halafu wanapotea. Niwatumie ujumbe mara ngapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kulijibu mwenyewe kwa kutuma mara tano, na mambo yakatumbukia nyongo.

Wakati huo nilikuwa nauza mikoba ya ngozi. Siku moja nikaona kwenye ripoti ya duka kwamba katika kila vikapu 10, karibu 7 vinaachwa bila kulipiwa. Nilidhani duka langu lina laana. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba wastani unaotolewa na Taasisi ya Baymard, inayotafiti maduka ya mtandaoni, baada ya kukusanya tafiti nyingi, ni takriban vikapu 70 kwa kila 100. Wengi wa watu hao wanapiga tu hesabu, wanalinganisha bei, au wanahifadhi kitu cha kukifikiria. Lakini mimi nilikwisha kupanga jumbe zangu tano: dakika 10 baada ya mteja kuondoka, kisha saa 3, siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano. Wa mwisho ulikuwa na punguzo la asilimia 15.

Sasa nikueleze kilichotokea. Mteja mmoja alichagua mkoba, akaandika barua pepe yake, akafika kwenye malipo, kadi ikakataa. Kwa kuwa alikuwa anautaka kweli, akanitafuta kwa WhatsApp. Nikampa njia nyingine ya kulipa, akalipa bei yote, na mkoba ukaondoka siku ileile. Ile oda niliiingiza kwa mkono, nikaweka jina na namba ya simu tu. Sehemu ya barua pepe niliiacha wazi kwa uvivu.

Mfumo haukujua kwamba huyu wa simu ndiye yule wa barua pepe. Kwake kikapu kilikuwa bado wazi, ukaendelea kumkumbusha mkoba ambao tayari alikuwa ameubeba begani. Siku ya tano akapata punguzo. Jibu lake ninalo hadi leo: "Kumbe bei ilikuwa inashuka? Kwa hiyo mimi niliyelipa mapema ndiye mjinga?" Nilimrudishia tofauti, nikaomba radhi. Hakununua tena. Bado linaniuma, kwa sababu alikuwa na haki.

Wengi wakisikia kisa hiki wanasema nilikosea muda. Hapana. Nilikosa breki. Mfumo wangu ulikagua mara moja tu, pale kikapu kilipoachwa, kisha ukazipanga jumbe zote foleni. Ukaguzi unatakiwa ufanyike kila mara sekunde chache kabla ya ujumbe kutoka: je, mtu huyu amenunua, kwa barua pepe hii au kwa namba hii ya simu? Na oda ya mkono iingizwe na vyote viwili. Ukitaka kujua kama breki zako zinafanya kazi, acha kikapu mwenyewe kwa barua pepe yako, kisha ingiza oda ya bidhaa ileile kwa njia ya simu, usubiri. Ukumbusho ukikufikia, wateja wako nao unawafikia.

Kuhusu muda sina mengi. Ujumbe wa kwanza ninautuma baada ya saa moja hivi. Dakika 10 ni mapema mno. Huenda mtu ameinuka kutafuta kadi, na ujumbe wako unamfanya ahisi anachunguliwa dirishani. Wa pili unafuata baada ya saa 24. Basi. Wa tatu, siku ya tatu, una maana kwa bidhaa ambayo watu huifikiria kwa muda mrefu, kama samani. Kwa vitu vya kawaida ni kelele.

Maneno ndiyo yaliyonifundisha adabu. Kichwa cha ujumbe wangu wa zamani kilikuwa "Umesahau kitu!" Ndugu yangu muuzaji, mteja hajasahau. Sababu inayotajwa zaidi na wanaoacha vikapu ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni, hasa za usafirishaji. Ukimwambia amesahau, unamdanganya na yeye anajua. Siku hizi ujumbe wangu wa kwanza unasema hivi:

"Tumekuhifadhia kikapu chako: mkoba wa kahawia, ukubwa wa kati. Kukufikishia huchukua siku 3 hadi 5, na gharama yake utaiona ukibonyeza hapa. Kama kuna kilichokukwamisha, jibu ujumbe huu, nitausoma mimi mwenyewe."

Ujumbe huo una picha ya bidhaa, rangi, ukubwa, na kiungo kinachofungua kikapu kilekile kama alivyokiacha. Kiungo cha ukurasa wa mbele wa duka hakifai, maana unamwambia mtu aliyechoka aanze upya. Aliyekataliwa malipo apate ujumbe wake tofauti, unaomwambia malipo hayakupita na kumpa njia nyingine. Huyo alikuwa ameshaamua kununua, kwa hiyo usimbembeleze. Na usiandike "zimebaki 2" kama ghalani ziko 40.

Punguzo nimeliondoa kabisa. Niliona majina yaleyale yakijaza kikapu na kuondoka, yanarudi siku ya tano kuchukua asilimia zao 15. Niliwafundisha mwenyewe, siwezi kuwalaumu.

Tuje kwenye kuacha, ambako wauzaji tuna shingo ngumu. Mteja akinunua, acha. Akijiondoa kwenye orodha, acha papo hapo. Akijibu ujumbe, zima zilizobaki, uongee naye kama mtu. Bidhaa ikiisha, acha. Akiacha kikapu kingine wiki hiyohiyo, usimwanzishie mzunguko mpya. Mimi ninasubiri siku 14. Wala usitegemee hesabu ya jumbe zilizofunguliwa kuamua nani bado anavutiwa. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakia picha za ujumbe hata kama mtu hajausoma, hivyo unaonekana umefunguliwa. Tazama nani amebonyeza kiungo. Ukishupaa, Gmail wana kipimo chao: tangu Februari 2024 wanawataka watumaji wasifikishe malalamiko ya barua taka asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila jumbe 1,000. Ukivuka hapo, hata risiti za wateja waliolipa zinaweza kuangukia kwenye taka.

Nimalizie na hesabu iliyonivua kiburi. Nilikuwa najigamba kwamba ukumbusho unarudisha wateja 19 kwa kila 100. Kisha nikachukua vikapu 200, nikavigawa kwa bahati nasibu: 100 nikavikumbusha, 100 nikavinyamazia. Waliokumbushwa walinunua 19. Walionyamaziwa walinunua 11, kwa hiari yao. Kwa hiyo kazi halisi ya jumbe zangu ilikuwa kama wateja 8, na kwa idadi ndogo hivyo hata hao 8 nawahesabu kwa tahadhari. Jaribio lililofuata niliongeza ujumbe wa tatu kwa nusu ya watu. Ulileta oda moja na watu 4 wakajiondoa kwenye orodha. Niliuzima jioni ileile.