Unga unapanda bei kila mzigo: nitoe stoo kwa bei ipi?

"Nina bekari. Kila nikinunua unga bei imepanda. Nikiutoa stoo kwenda kuoka, niuandike kwa bei ya zamani, mpya au wastani?"

Ndugu, tuseme ulinunua mifuko 100 kwa 60,000, kisha 300 kwa 70,000. Jumla 27,000,000. Leo unatoa mifuko 200.

Ukianza na mzigo wa zamani, 100 inatoka kwa 60,000 na 100 kwa 70,000: 13,000,000. Faida itaonekana nono, lakini sehemu yake itamezwa utakaponunua unga mwingine. Ukianza na mzigo mpya ni 14,000,000, karibu na gharama ya leo, ila stoo inabaki na 13,000,000, thamani iliyopitwa na wakati. Isitoshe, IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali iliyoko stoo, hairuhusu njia hii kwenye hesabu rasmi.

Mimi ningekushauri wastani. Hapa wengi hukosea: wanajumlisha 60,000 na 70,000, wanagawa kwa mbili, wanapata 65,000. Mifuko 400 kwa bei hiyo ni 26,000,000, kwa hiyo milioni moja imepotea kwenye daftari. Gawa 27,000,000 kwa 400, upate 67,500. Mifuko 200 ni 13,500,000, na stoo inabaki kiasi hicho hicho. Kila mzigo mpya ukiingia, piga wastani upya.

Bei ya mkate ipange kwa gharama ya kununua unga leo, hata kama daftari linasema 67,500. Na unga wa zamani uokwe kwanza, njia yoyote utakayotumia.

Kama tayari una njia nyingine, usiibadilishe kabla ya kuzungumza na mhasibu, maana hesabu za nyuma huenda zikahitaji kurekebishwa.