Sahani ya asubuhi ndiyo iliyomchoma mlinzi wetu

Swali la wiki: "Ninyi walinzi, wauguzi na madereva mnaokesha kazini, mnakula nini na saa ngapi ili kiungulia, kuvimbiwa na choo kigumu visiwaandame?"

Mimi ni muuguzi, na zamu za usiku nimezifanya kwa miaka 14. Watu wakiniuliza habari ya tumbo na kukesha, karibu wote huanza na chakula cha usiku wa manane. Mimi huwauliza kwanza walichokula asubuhi baada ya kutoka kazini, na walilala dakika ngapi baadaye.

Nitaeleza kwa mfano wa mlinzi wa getini petu, mzee wa miaka 50 na kitu. Alikuwa akila saa 11 jioni, anaingia zamu saa 1, kisha usiku kucha ni chai ya rangi yenye sukari nyingi, vikombe vinne au vitano, bila chakula. Saa 2 asubuhi yuko nyumbani, njaa imemshika kweli kweli. Anapakuliwa sahani iliyojaa, wali na nyama ya kukaanga, na saa 2 na nusu yuko kitandani. Saa 5 asubuhi anashtuka, koo linawaka, mdomo mchungu, anakohoa. Akanunua dawa ya kutafuna ya kupunguza asidi. Baada ya wiki tatu akaniambia, "Sista, moto umepoa kidogo, lakini sasa choo kimegoma. Siku ya nne leo."

Tumbo lake halikuwa na ugonjwa wa ajabu. Mtu akiwa amekaa au amesimama, chakula na asidi hukaa chini kwa uzito wake, na msuli unaofunga mlango kati ya umio na tumbo haubebi mzigo mkubwa. Akilala tumbo likiwa limejaa, asidi inafika mlangoni, na msuli ukilegea kidogo tu inapanda kooni. Tukiwa macho, kila mara tunameza mate na mate hayo huisukuma asidi irudi chini. Usingizini mate hupungua na kumeza karibu kunakoma, kwa hiyo asidi iliyopanda hukaa pale ikichoma. Mafuta nayo hulichelewesha tumbo kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo. Ile nyama ya kukaanga ilikuwa bado iko tumboni saa 5.

Kwa wiki moja nilimwomba aandike mambo manne tu katika daftari: saa ya kula, saa ya kulala, saa ya kuungua, saa ya kupata choo. Siku mbili alizochelewa kulala kwa sababu ya shughuli za nyumbani, hakuungua. Aliliona mwenyewe kabla sijamwambia.

Tukabadilisha saa zaidi kuliko vyakula. Sahani kubwa ikahamia saa 11 na nusu jioni, kabla ya kazi: wali, maharage, mboga za majani, nyama au samaki wa kuchemsha. Kati ya saa 5 na saa 6 usiku anakula nusu ya kiasi hicho, alichobeba kwenye bakuli, bila vya kukaanga. Nusu, kwa sababu usiku tumbo humwaga chakula polepole kuliko mchana, na anayeshindilia saa 8 usiku huishia na tumbo lililojaa gesi na usingizi juu yake. Saa 10 alfajiri anakula kitu kidogo cha mwisho, yai la kuchemsha na ndizi au kikombe cha mtindi. Hicho kidogo ndicho kilichovunja njaa ya asubuhi. Akifika nyumbani njaa ikiwa bado inamsumbua, kipande cha mkate mkavu kinatosha. Kutoka saa 10 hadi saa 2 na nusu asubuhi ni zaidi ya saa nne, na tumbo linahitaji angalau tatu kabla ya kulala.

Chai ya mwisho ikawa saa 8 usiku. Nusu ya kafeini inaweza kuwa bado mwilini saa tano baadaye, na wengine huchochewa kiungulia nayo. Mkanda wa sare analegeza tundu moja akishakula. Kitandani analala ubavu wa kushoto, maana kwa mkao huo mlango wa tumbo unakuwa juu ya asidi. Miguu ya kitanda upande wa kichwa aliiinulia sentimita 15 kwa vipande vya mbao. Kabla ya hapo alikuwa amerundika mito, lakini mito hukunja kiuno na kulibana tumbo, jambo linalozidisha kiungulia.

Sasa choo, ambacho wengi wanaona aibu kukitaja. Utumbo mpana nao hulala usiku. Huamka mtu anapoamka, na husukuma kwa nguvu zaidi baada ya mlo wa kwanza. Anayefanya kazi mchana hupata wito huo asubuhi nyumbani. Wetu huja mchana tukiwa usingizini, au jioni tukikimbilia gari la kazini, tunaubana. Choo kinachobanwa hubaki ndani, maji yake hufyonzwa, kesho kinakuwa kokoto. Mzee huyu anaamka saa 9 alasiri, basi tukaiita hiyo asubuhi yake: glasi mbili za maji, uji na tunda, kisha baada ya dakika 20 anakwenda chooni hata kama hajisikii. Anaweka miguu juu ya kigoda kifupi ili magoti yapite kiuno, na hakai zaidi ya dakika 10, wala hajikamui. Ile dawa ya kutafuna ilikuwa na alumini, ambayo hufunga choo. Mfamasia akambadilishia.

Tulikosea mahali pamoja. Nilimwongezea maharage na matunda mengi kwa siku moja, tumbo likavimba akataka kuacha yote. Tukarudi nyuma, tukaongeza kidogo kila baada ya siku tatu, na maji pamoja nayo, kwani makapi ya chakula bila maji huzidi kuziba. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akipata choo kila siku au siku moja baada ya nyingine, na kiungulia kilimjia mara moja tu.

Kwa madereva, tatizo kubwa ninaloliona ni maji. Wanajinyima wasisimame njiani. Kunywa glasi mbili kabla ya safari, pitia chooni, kisha mafunda machache kila unaposimama. Kula umesimamisha gari na utembee dakika 10 kabla ya kukaa tena kwenye usukani, kwa sababu ukikaa umejikunja na mkanda wa kiti juu ya tumbo lililojaa, asidi inapanda hata bila kulala.

Wenye kisukari wanaotumia sindano au vidonge wasihamishe milo kabla ya kuzungumza na daktari wao, kwani dozi hufuata saa za kula. Kukwama kwa chakula kooni, choo cheusi kama lami, kutapika damu au kukonda bila sababu huhitaji kupimwa, si kubadilisha saa. Na moto wa kifuani unaokuja na jasho jingi, pumzi fupi, au maumivu yanayoelekea mkononi au kwenye taya, usisubiri zamu iishe. Dereva aegeshe gari na kuomba msaada, mlinzi amwite mwenzake, wapelekwe hospitali saa hiyo hiyo.