Kufuta stika ya bei kwenye picha ya chupa ya chai inayong'aa

"Wakuu, nauza vyombo hapa Moshi. Nina picha za chupa za chai, zimebaki na stika ya bei na bakodi tumboni. Nikipitisha Heal ya GIMP panabaki kitu kama moshi, na ule mstari wa mng'ao unakatika. Nyie mnafanyaje?"

Mkuu, weka Heal pembeni kwanza, tutairudia mwishoni kwa kazi ndogo. Heal huchukua chembechembe za pale ulipozitoa, halafu rangi na mwanga inavilinganisha na vinavyozunguka brashi. Kwenye ukuta au kitambaa inafaa sana. Kwenye chupa inayong'aa, brashi ikigusa weupe wa stika upande mmoja na mng'ao upande wa pili, inavichanganya vyote. Huo ndio moshi unaouona. Ukiongeza kupitisha, unausambaza tu.

Cha kushika ni umbo la chupa. Chupa ya chai iliyonyooka ni kama bomba: ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia rangi inabadilika kila hatua, giza, wekundu, mng'ao, wekundu tena, giza. Lakini ukishuka kutoka juu kwenda chini kwenye mstari uleule, rangi karibu haibadiliki. Kwa hiyo kiraka sahihi hakitoki pembeni mwa stika hata siku moja. Kinatoka juu yake au chini yake, palepale kwenye mstari wake.

Nikupe kazi moja niliyofanya hapa Arusha. Mama mmoja anayeuza vyombo soko la Kilombero aliniletea picha ya chupa nyekundu ya lita 2. Chupa yenyewe ilishauzwa, kwa hiyo kubandua stika na kupiga upya haikuwezekana (ukiwa nayo mkononi, fanya hivyo, ni dakika tano). Picha ilikuwa na pikseli 3000 kwa 4000. Stika ilikuwa na kimo cha pikseli 330, na mng'ao wa mlango wa duka ulipita katikati yake kama uzi mweupe.

Kwanza niliizungusha picha mpaka chupa ikasimama wima kabisa. Usiruke hapa, maana kila kinachofuata kinategemea wima huo. Kisha kwa Rectangle Select nikachagua ukanda mwembamba juu ya stika, kimo pikseli 40, upana uzidi stika kidogo kila upande. Nikaacha nafasi ya pikseli 10 hivi kutoka ukingo wa stika, kwa sababu karatasi huwa na kivuli chembamba kinachoizunguka, na ukikibeba utaona mstari wa kijivu baadaye. Nikanakili, nikabandika kama leya mpya.

Ukiuvuta ukanda huo hivyohivyo ufunike stika, chembechembe za picha zinavutika na kuwa michirizi ya wima kama mvua. Kwa hiyo kabla ya kuvuta nilifungua Gaussian Blur, nikafungua mnyororo unaounganisha Size X na Size Y, X nikaweka 0 na Y nikaweka 20. Ukungu unakwenda wima tu. Mng'ao nao umesimama wima, hivyo ukingo wake unabaki mkali, zinazopotea ni chembechembe peke yake. Baada ya hapo ndipo nikatumia Scale kuuvuta kwenda chini, upana bila kuugusa.

Ukanda mmoja ulikaa vizuri juu, lakini chini ulionekana kuwaka kuliko chupa, kwa sababu chupa nyingi hufifia kadiri zinavyoikaribia meza. Nikatengeneza wa pili kutoka chini ya stika, nikauvuta kwenda juu, nikauweka leya ya chini ya ule wa kwanza. Leya ya juu nikaipa Layer Mask, nikapitisha Gradient ya wima: nyeupe juu, nyeusi chini. Mwanga ukashuka polepole kutoka ukanda mmoja hadi mwingine bila mahali pa kuonekana kiungo.

Hapo nikakutana na tatizo ambalo nadhani na wewe utalipata. Katikati ya kiraka mng'ao ulikuwa pacha: nyuzi mbili nyeupe zilizofifia, moja karibu na nyingine. Chupa ilipigwa kutoka juu kidogo, kwa hiyo inabana kuelekea chini, na uzi wa mng'ao chini ya stika ulikuwa umehama pikseli 7 kulia ukilinganisha na wa juu. Dawa yake ni kuinamisha. Kwa Shear, ukanda wa kutoka juu niliusukuma upande wake wa chini pikseli 7 kulia, na ukanda wa kutoka chini niliusukuma upande wake wa juu pikseli 7 kushoto. Nyuzi zikalaliana, ikabaki moja.

Kiraka hiki sasa ni laini mno. Kwa mbali hakina shida, ila ukikuza utaona sehemu kama plastiki iliyopakwa mafuta katikati ya chupa yenye chembe za kawaida. Unganisha leya mbili za kiraka, nenda Filters, Noise, RGB Noise, anza na kiasi kidogo kama 0.02, ukilinganisha na rangi ya jirani huku picha imekuzwa asilimia 200. Chembe hizo pia zinaficha ngazi za rangi zinazojitokeza kwenye mteremko laini. Vidoa vichache vilivyobaki pembeni, mbali na mng'ao, hapo ndipo Heal inafanya kazi yake vizuri.

Kabla ya kumpa mteja, jicho lako usiliamini. Mimi hutengeneza New from Visible, nafungua Levels, nasogeza kishale cheusi na cheupe vikaribiane mpaka picha ichafuke kabisa. Kiraka kibaya kinajitokeza kama dirisha la mraba. Kikionekana hivyo, kipe kiraka Layer Mask mpya, maana ile ya kwanza iliisha ulipounganisha leya, kisha ulainishe kingo za kulia na kushoto kwa brashi laini nyeusi. Kisha leya hiyo ya majaribio unaifuta.

Picha ya yule mama ilipita jaribio hilo, nikamtumia. Akanipigia: "Mwanangu, mbona kule chini bei bado ipo?" Chupa ilisimama juu ya kigae kinachong'aa, na stika ilikuwa imejitazama humo, doa jeupe lililogeuzwa juu chini. Nilihangaika na tumbo la chupa nikasahau sakafu. Nililifuta kwa njia ileile ya kanda mbili. Tangu hapo naangalia kigae, mfuniko na chupa jirani kabla sijaanza.

Njia hii ina mipaka. Birika la duara limejipinda pande zote mbili, mng'ao wake ni upinde, ukanda wa wima hauwezi kuufuata. Huko natumia Clone kwa vipande vidogo nikifuata upinde, au nachora mng'ao upya kwa Paths. Na kama chupa ina maua, na stika imekaa juu ya ua, tafuta ua kama hilo mahali pengine kwenye chupa hiyo au kwenye picha ya chupa nyingine ya aina hiyo, ulihamishe. Ukivuta kanda hapo utapata michirizi ya rangi tu.

Ukiwa unaomba picha kwa mtu, mwambie azitume kama faili. Zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, na ukikuza utaona vimraba ukingoni mwa mng'ao ambavyo kiraka chako laini hakitafanana navyo.