Shamba moja, pande mbili: kwa nini mitundu imerudi huku na kule bado

*"Shikamoo mtaalamu. Nipo kidato cha sita hapa Tabora. Babu aliacha shamba la tumbaku Urambo miaka saba iliyopita. Upande aliokuwa akilima kwa jembe la mkono sasa ni kichaka cha mitundu, miti ya miombo. Upande ambao mjomba aling'oa visiki na kulima kwa plau miaka mingi ni nyasi tupu. Kitabu kinasema shamba lililoachwa ni mfuatano wa upili. Je, upande wa nyasi umeshakuwa mfuatano wa awali? Na msitu utarudi lini?"*

Marahaba. Hapana, pande zote mbili ni mfuatano wa upili, yaani uoto unaorudi mahali palipokuwa na mimea kabla, kwa sababu udongo bado upo. Tofauti unayoiona imetokana na kilichobaki ndani ya udongo huo, na kwenye miombo yetu jambo hilo lina uzito kuliko mvua au mbolea.

Kwanza tuumalize mfuatano wa awali, yaani uoto unaoanza mahali pasipo na udongo kabisa. Panda jiwe lolote kubwa la granaiti kati ya haya yaliyotapakaa mkoani kwetu, uinamie uso wake. Utaona mabaka ya kijivu na ya rangi ya chungwa yaliyong'ang'ania jiwe kama rangi iliyokauka. Hizo ni laikeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Mwani hutengeneza chakula, kuvu hushikilia jiwe na kutunza unyevu. Asidi zake hulila jiwe taratibu mno. Kwenye ufa, vumbi na mabaki ya laikeni hujikusanya, kuvumwamba na manyasi mafupi hushika hapo, na siku moja ndege huangusha kinyesi chenye mbegu ya mkuyu. Hapo hakukuwa na udongo, mbegu wala mzizi. Kila kitu kililetwa kutoka nje au kilitengenezwa papo hapo. Ndiyo maana ni kazi ya mamia ya miaka. Kisiwa cha Surtsey kilichoibuka baharini kusini mwa Aislandi mwaka 1963 kinaonyesha vivyo hivyo: mimea ilikwenda kwa kusuasua mpaka shakwe walipoanza kutaga kwa wingi miaka ya 1980, na kinyesi chao kikaleta naitrojeni ambayo majivu ya volkano hayakuwa nayo.

Sasa rudi shambani kwa babu, uende na jembe. Tafuta mtundu mdogo usiozidi kimo cha goti, uchimbe pembeni yake polepole. Mara nyingi utakuta kijiti chembamba kama kalamu kimesimama juu ya mzizi mnene kama kifundo cha mkono wako. Huo si mche wa mwaka jana. Ni mti wa miaka mingi ambao umekuwa ukikatwa au kuungua juu na kuchipua tena, huku akiba yake ya wanga ikiwa salama chini ya ardhi. Mzee alipokata miti kwa shoka na kulima matuta kati ya visiki, alikuwa akiondoa mashina tu. Alipoacha kulima, macho yaliyolala chini ya gamba la visiki yaliamka, na mizizi iliyokwisha kuenea ikasukuma machipukizi kwa nguvu ambayo mbegu haina. Ukitaka kuhakikisha, hesabu mashina: machipukizi ya kisiki hutoka matatu, manne au zaidi kwa pamoja, ilhali mche uliotokana na mbegu kwa kawaida huwa na shina moja.

Upande wa mjomba akiba hiyo iling'olewa. Hapa wanafunzi wengi huteleza, maana kitabu husema mfuatano wa upili huenda haraka kwa sababu ya hazina ya mbegu kwenye udongo. Kwa kishona nguo na nyasi ni kweli. Ndiyo maana ndizo zilizotangulia. Kwa mtundu si kweli. Ganda lake hukauka, hujipinda na kupasuka kwa mlio, likirusha mbegu mita chache tu kutoka kwenye mti mama. Mbegu hizo hazina tabia ya kulala ardhini miaka na miaka: mvua ikinyesha huota, au hufa. Kwa hiyo mitundu itaingia upande ule kwa kutambaa kutoka ukingoni, hatua kwa hatua. Mninga una nafuu kidogo kwa sababu tunda lake lina bawa pana linalochukuliwa na upepo.

Kuna pia wale usiowaona. Mizizi ya mtundu huishi kwa kushirikiana na kuvu, na baadhi ya kuvu hao ndio wanaotoa uyoga tunaookota porini masika. Mizizi ikishang'olewa kwa miaka mingi, kuvu hao hubaki bila mwenyeji. Mche unaoota karibu na mti mkubwa hukuta mtandao wao tayari. Unaoota katikati ya nyasi huanza peke yake.

Adui anayebaki ni moto. Nyasi ndefu za kuezekea hukauka, na moto wa Septemba au Oktoba hupita ukiwa mkali kuliko wakati mwingine wowote. Chipukizi la kisiki linalokua kwa kasi huweza kuinua matawi yake juu ya ndimi za moto baada ya miaka michache. Likishafika huko na kuanza kufunga kivuli, nyasi hupungua chini yake, na nyasi zikipungua moto nao hukosa chakula. Mche wa mbegu haufiki: unaungua kila kiangazi, unachipua kutoka mzizini, unaungua tena. Kwa hiyo upande wa nyasi unaweza kubaki nyasi kwa muda mrefu sana, ingawa udongo ni mzuri. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalionyesha hilo wazi. Vipande vya miombo vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka uwanda wa nyasi wenye miti michache. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki miombo. Vilivyolindwa kabisa visiungue vilifunga vichaka, na miti ya kijani kibichi mwaka mzima ikaanza kuingia. Mvua ilikuwa ileile, na udongo uleule.

Kwa sababu hiyo, ukiulizwa jamii kilele ya Tabora, yaani uoto ambao mfuatano huishia, ni ipi, usijibu "miombo" ukaishia hapo. Taja na moto unaoishikilia ilivyo.

Kuhusu lini: upande wa babu, ukiachwa bila kukatiwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, miti inaweza kurudisha kimo na unene wa msitu kwa takriban miaka 20 hadi 30, ingawa mchanganyiko wa aina zake huchelewa zaidi. Upande wa mjomba sikupi mwaka, kwa kuwa unategemea umbali wa ukingo na moto. Lakini unaweza kuupima mwenyewe. Vuta kamba kutoka ukingo wa msitu kuelekea katikati ya nyasi, na kila baada ya mita 10 hesabu miche ya mitundu ndani ya mraba wa mita mbili kwa mbili. Andika pia ni mingapi ina ncha nyeusi iliyoungua. Rudia mahali palepale mwakani, mvua za Novemba zikishaanza. Idadi ikiporomoka ghafla baada ya mraba wa pili au wa tatu, tatizo ni mbegu kutofika. Miche ikiwepo hadi katikati, lakini yote ni mifupi na imeungua, mbegu zimefika. Kinachoizuia ni moto, na mjomba akilima barabara ya kuzuia moto kuzunguka shamba mwezi Mei utaona tofauti kwenye kamba hiyohiyo.