Picha ya daftari iliyofika na ukungu: maswali ya walimu na wazazi

"Nasomesha Darasa la Tano, Wete. Jana usiku nimepokea picha ya kazi ya nyumbani, ukungu mtupu, haina jina wala salamu. Nimwandikie nini mzee wake bila ya kumtia aibu?"

Kabla hujaandika neno, iguse hiyo picha. Wengi wetu tumeizuia WhatsApp isijipakulie picha, tupate kubana bando, na picha ambayo haijapakuliwa huonekana kivuli tu, ina ukungu na kimshale juu yake. Niliwahi kumwandikia baba mmoja kuwa kazi ya mwanawe haisomeki, kumbe natazama kivuli. Nilipoigusa ikaja safi kabisa, na msamaha nikauomba mimi.

Ikiwa imeshapakuliwa na bado haisomeki, ikuze kwa vidole viwili uutazame ukungu wenyewe, maana sababu utaiona humo. Herufi zikiwa kama zimeandikwa mara mbili, zimevutika zote upande mmoja, basi mkono ulitikisika. Hilo ni la usiku zaidi: kamera ikikosa mwanga hukaa wazi muda mrefu kidogo, na kila mtikisiko unaingia pichani. Ukindu wa mkeka ukiwa unahesabika na maandishi yamelegea, kamera ililenga mkeka ikaliacha daftari, au simu ilisogezwa karibu mno. Na picha nzima ikiwa nyeupe kama tui, na taa imezungukwa na duara la mwanga, kioo cha kamera kina mafuta ya mkono.

Mwezi uliopita nilipata moja ya namna ya kwanza. Swali lilikuwa robo tatu jumlisha sehemu moja ya nane, yaani 3/4 + 1/8. Mstari wa kwanza nimeusoma. Wa pili, palipotakiwa 6/8, tarakimu ya juu ilikuwa duara lililovurugika: inaweza kuwa 6, inaweza kuwa 3. Jibu la mwisho lilimezwa na kivuli cha mkono. Ikiwa ni 6, mtoto amefahamu kuwa ukizidisha chini kwa 2 na juu unazidisha, na jibu lake litakuwa 7/8. Ikiwa ni 3, amebadilisha chini tu akaiacha juu kama ilivyo, akapata 4/8, na huyo anahitaji kukaa na mimi dakika kumi. Tarakimu ile ndiyo niliyokuwa naitaka, na ndiyo iliyokosekana. Kukisia hapo ni kumdhulumu mtoto, hata ukimkisia vizuri.

Nilimwandikia mzazi hivi:

"Assalaam alaykum mzazi. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa Darasa la Tano. Picha ya daftari nimeipata saa 2 usiku, ahsante. Maswali mawili ya mwanzo yanasomeka. La tatu sijaweza kulisoma, nadhani simu ilitikisika kwa uchache wa mwanga. Naomba ipigwe tena asubuhi karibu na mlango, ukurasa huo mmoja tu, na chini yake niandikie jina la mtoto na mkondo wake. Ikiwa taabu, aje na daftari, nitamsahihishia hapa hapa. Sikumhesabia kuwa amechelewa."

Namba ile sikuwa nayo, ndiyo maana nikasema "mzazi". Ukimjua, mwite Mama Fulani au Baba Fulani kwa jina la mtoto, ujumbe hulainika papo hapo. Lakini hayo mengine usiyapunguze. Taja swali lisilosomeka, la sivyo atakupigia daftari zima, kurasa nane, zote na ukungu ule ule. Andika "haisomeki", usiandike "haionekani", kwa sababu ukisema haionekani ataelewa kuwa picha haikufika, atakutumia hiyo hiyo mara ya pili. (Imenikuta. Mara tatu.) Na umwandikie yeye peke yake. Ukiliweka kwenye kundi la darasa, hata kwa maneno ya asali, umeshamsema mbele za watu.

"Mwalimu anasema picha haisomeki, nami nikiitazama kwenye simu yangu iko safi. Nani mkweli?"

Nyote wawili. Picha iliyomo simuni mwako ni ile kubwa iliyotoka kwenye kamera. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa kwanza ili iende upesi na isile bando. Sura ya mtu haidhuriki sana, lakini penseli iliyofifia ndiyo ya kwanza kupotea, na desimali hupoteza nukta yake. Dalili yake ni kwamba mwalimu akiikuza haoni mvutiko wa mkono, anaona vipande vipande kama vigae.

Kabla ya kutuma, juu ya picha kuna alama ya `HD`, iguse. Hiyo humtosha mwalimu mara nyingi. Ikiwa maandishi ni madogo sana, itume kwa njia ya `Document`, ndipo itafika kama ilivyopigwa, ila itakula bando zaidi. Na tafadhali usipige picha ya skrini ukaituma hiyo. Nayo hukwangua kidogo.

Penseli ndiyo mzizi wa mambo haya, na taa ya kamera haiisaidii. Penseli hung'aa. Ukiwasha taa, mwanga hurudi kwenye kamera na maandishi yakageuka mstari mweupe. Mimi huwaambia wazazi wangu: subirini kuche, daftari liwekwe bapa barazani au karibu na mlango, kivuli chako kisiliangukie. Pangusa kioo cha kamera kwa ncha ya kanga iliyo kavu. Simu iwe juu yake sawasawa, isiinamie upande, umbali wa shubiri moja na nusu hivi. Gusa kwenye skrini pale penye maandishi, ngoja kamera itulie, ndipo upige. Ukiona ukurasa ni mdogo, usivute kwa vidole kabla ya kupiga; sogeza mkono.

"Mimi ni bibi yake, mama yake yuko Unguja. Simu ni yangu lakini kuandika ujumbe siwezi. Mjukuu ndiye anayepiga na kutuma."

Shikamoo bibi. Hakuna haja ya kuandika. Mwambie mjukuu, kabla hajaanza kazi, aandike juu ya ukurasa jina lake kamili, darasa, mkondo na tarehe. Akipiga picha, jina linakwenda humo humo. Ukitaka kuongeza la kwako, bonyeza alama ya maikrofoni uiseme: "Mwalimu, hii ya fulani, hisabati." Mwalimu atasikiliza akiwa njiani. Sisi tunaopokea picha arobaini kwa usiku mmoja, sauti ya bibi ndiyo tunayoikumbuka asubuhi.

"Mwanafunzi wangu kila wiki picha yake ina ukungu, na kila wiki ni kwenye maswali magumu tu. Nahisi anafanya makusudi. Nimwambie mzazi?"

Usimwandikie hilo. Maswali magumu mara nyingi huwa ya mwisho, yamebanwa chini ya ukurasa, pale daftari linapojikunja na mkono wa anayelishika unapotia kivuli. Mwite mtoto na daftari lake kabla ya kengele, afungue ukurasa ule. Ikiwa kazi imo, mfundishe kupiga picha. Ikiwa hamna kitu, umeshajua swali gani la kumrudishia.