Nunua leo, jifunge leo

"Mama, redio imempa dadako Halati nafasi ya sekunde 30 ya kutangaza duka lake la Kongowea, na mimi ndiye niliyeambiwa niandike tangazo. Kila nikisoma nafika dakika nzima, na nikikata kitu naona nimemdhulumu. Nikate nini, nibakishe nini?"

Mwanangu,

Karatasi yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti na saa mkononi. Umetia leso, madera, mashuka, mapazia na manukato. Umetia bei nafuu, huduma bora, wateja wote mwakaribishwa, na nambari ya simu mara mbili. Hakuna uongo hata mmoja humo, nami najua umeandika kwa kumpenda Halati yako. Lakini msikilizaji yuko kwenye matatu, au yuko jikoni nazi yachemka. Ukimtajia vitu vitano, hashiki hata kimoja. Basi kata vyote visivyokuwa leso, mapazia yakiwemo. Atakayeingia kwa ajili ya leso atayaona mwenyewe yananing'inia.

Hata leso peke yake haitoshi. Leso zauzwa kila mahali Mombasa, na ukisema "tuna leso nzuri" hujasema kitu. Ilinibidi niende nikakae dukani kwa Halati asubuhi nzima kutafuta kile ambacho ni chake peke yake, na nilikiona kwa mama mmoja aliyekuja na binti yake. Alichagua pea, akalipa, akaikunja. Wajua leso inavyotoka kiwandani: zile mbili zimeshikana kitambaa kimoja, yataka kukatwa katikati kisha ipindwe ncha zake nne, la sivyo nyuzi zafumuka mfuo wa kwanza tu. Yule mama akasema, "Nitatafuta wa kunipindia." Halati akamwambia, "Fundi si huyu hapa?" Fundi Halati amemweka mlangoni na cherehani lake tangu mwezi uliopita, lakini yule mama alimpita wakati wa kuingia asijue ni wa duka. Akaketi kwenye kibao, na mimi nikatazama saa. Kukata, kupinda ncha nne, kukata uzi: dakika 10. Binti alitoka amejifunga.

Hilo ndilo wazo lako. Mtaa wa Biashara mafundi wa kupinda wako barazani na watu wamewazoea, lakini Kongowea mtu hununua leso akaenda nayo nyumbani, ikalala kabatini wiki mbili yangoja fundi. Kwa Halati yatoka ikiwa tayari. Kila neno utakaloandika liulize: lasaidia kusema hivyo? Kama halisaidii, liondoe, na usione umemdhulumu.

Kisha ofa, nayo iwe moja. Halati alitaka kupinda bure, na punguzo kwa anayenunua pea tatu, na manukato kwa wa kwanza 20. Nimemwomba achague, akachagua kupinda bure mpaka Jumamosi. Amechagua vizuri, kwa sababu hiyo ofa ni lile lile wazo limetiwa siku ya mwisho, haimpi msikilizaji jambo la pili la kukumbuka. Ila kabla hujaiandika, piga hesabu naye. Cherehani ni moja na pea ni dakika 10, kwa hiyo saa moja ni pea 6, na siku ya saa 8 bila fundi kuinua kichwa ni pea 48. Wakija watu 15 kwa pamoja baada ya swala ya Ijumaa, wa mwisho atakaa saa mbili na nusu, na tangazo litakuwa limemdanganya. Mwambie aazime fundi wa pili Ijumaa na Jumamosi. Kama hapatikani, ofa iwe ya Jumatatu mpaka Alhamisi.

Sasa muda. Usihesabu maneno, hesabu silabi. Neno lako "mtakapotutembelea" ni moja kwenye karatasi, lakini mdomoni ni silabi 9, lachukua karibu sekunde moja na nusu. "Njoo" lasema yale yale. Msomaji asiyekimbia hutoa silabi 5 au 6 kwa sekunde, nawe wataka kumaliza kwenye sekunde ya 28, si ya 30. Kwa hiyo silabi 130 hivi zakutosha, ukibakisha nafasi ya sauti za cherehani na pumzi. Na nambari ya simu itoe kabisa. Tarakimu 10 kuzisoma vizuri ni sekunde 6, yaani sehemu ya tano ya pesa za Halati, na hakuna anayeshika kalamu ndani ya matatu. Mahali duka lilipo huingia kichwani kwa sababu Kongowea kila mtu ameshafika.

Hivi ndivyo nilivyoandika. Kisome kwa sauti, usikisome kwa macho.

(Cherehani linakwenda, sekunde 2. Linashuka chini, laendelea polepole.)

WA KWANZA: Shoga, leso nzuri! Wajifunga lini?

WA PILI: Nikipata wa kunipindia. Labda wiki ijayo.

MSOMAJI: Kwa Halati, fundi yuko hapo hapo mlangoni. Chagua leso, kaa kitako, yapindwa, waondoka nayo tayari. Na mpaka Jumamosi hii, ukinunua hapa, kupinda ni bure.

(Cherehani lasimama. Mkasi wakata uzi.)

WA PILI: Yangu hii hapa!

MSOMAJI: Kwa Halati, Kongowea, mkabala na soko, mlango wa kijani. Nunua leo, jifunge leo.

Ni maneno 51. Utaona hakuna mahali palipoandikwa "tuna fundi hodari mwenye cherehani la kisasa". Cherehani lasikika lenyewe, na kila mwanamke wa hapa alijua sauti hiyo kabla hajajua kusoma. Sauti ikikusemea, usirudie kwa maneno. Na lile kimya la mkasi linafanya kazi kubwa: lamwambia msikilizaji kwamba leso imekwisha, kabla shoga hajasema kitu.

Jina la duka limetajwa mara mbili, la kwanza likiwa mapema. Hapo nina kovu langu. Zamani niliandika tangazo la duka moja la magodoro, mume na mke wanagombania kitanda. Nililisikia ndani ya matatu, watu wakacheka mpaka kondakta akasahau nauli. Mzee aliyekaa mbele yangu akauliza, "Ni duka gani hilo?" Hakuna aliyejua. Jina nilikuwa nimeliweka mwisho, mara moja, na tangazo lilikuwa la sekunde 31, kwa hiyo stesheni ilikata pale pale jina lilipoanza. Mwenye duka alilipia mwezi mzima. Mpaka leo naona uzito nikikumbuka, ndiyo maana nakusisitizia sekunde ya 28.

Mstari wa mwisho nimeuhangaikia kuliko yote. Cha kwanza nilichoandika kilikuwa "Kwa Halati, leso yako, fahari yako." Chapendeza sikioni, lakini hakimwambii mtu afanye nini, na ungeweza kukibandika kwenye duka la viatu kisijue. Mstari wa kufungia ubebe wazo lile lile, uwe na kitenzi cha kumwamrisha mtu mmoja, na mtoto aweze kuurudia baada ya kuusikia mara moja. "Nunua leo, jifunge leo" nimeujaribu kwa mjukuu wa jirani. Aliuimba kutwa uani.

Mstari wa ofa nao ulibadilika. Mwanzo niliandika "kupinda ni bure mpaka Jumamosi" basi. Nikamsomea jirani mara moja tu, kisha nikamuuliza mambo matatu: wauza nini, nitapata nini, ni wapi. Ya kwanza na ya tatu alijibu sawasawa. Ya pili akasema, "Vizuri, ninazo leso nne hazijapindwa, nitampelekea." Haikuwa kosa lake, maneno yangu ndiyo yaliyomwita hivyo. Ndipo nikaongeza "ukinunua hapa". Wewe pia msomee mtu ambaye hajui lolote, mara moja, usimweleze kitu. Akijibu vingine, usimsahihishe yeye, sahihisha karatasi.

Jambo moja la kuuliza stesheni: tangazo litapita siku gani hasa? "Jumamosi hii" ni kweli ndani ya wiki moja tu. Likirushwa Jumapili, ofa yaanza upya bila Halati kujua, na watu watamdai mlangoni, wakiwa na haki. Kutangaza kitu cha uongo Kenya kwakatazwa na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, lakini hata bila sheria, Halati hawezi kuishi Kongowea na jina baya. Rekodini mara mbili siku hiyo hiyo: moja yenye sentensi ya ofa, na nyingine isiyo nayo, yenye pumzi na cherehani mahali pake. Ile ya kwanza ikomee Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi, ya pili ishike baada yake. Gharama ya kurekodi ni ile ile.

Muziki wa taarabu uliotaka uwe chini yake, uache. Wimbo una mwenyewe na wataka ruhusa, na pia wapigana na cherehani, halafu vyote viwili vyapigana na msomaji.

Kuhusu sauti, yule binti wa duka la jirani anayeongea haraka msimpe nafasi ya msomaji. Mpe ya shoga wa kwanza, hapo haraka yake yafaa. Msomaji awe Halati mwenyewe. Najua atakataa, atasema sauti yake ni nzito. Mwambie mtu akishaisikia redioni kisha akaisikia mlangoni, hatauliza tena kama amefika. Anaposoma "mlango wa kijani" apunguze mwendo kidogo, na baada ya "jifunge leo" akae kimya, asiseme karibuni sana wala asante.

Na fundi mwambieni asilitie mafuta cherehani mpaka turekodi. Sasa hivi lalia vizuri.

Mamako